UZI: Niliuza spredi ya puti chini ya sapoti ya SPY, sapoti ikavunjika nikiwa nimelala. Kosa langu lilikuwa wapi?

#1 Mlinda_Sapoti
Habari zenu wakuu. Naleta tredi yangu ya Aprili 2025 maana mpaka leo sijaielewa vizuri, na nataka kurudia mtindo uleule bila kuumia tena.

SPY ilikuwa imeshuka tangu Februari. Machi 13 ilifunga karibu 551. Machi 31 ikashuka tena hadi karibu 547, wanunuzi wakaingia, siku hiyohiyo ikafunga 559. Nikaona 547 hadi 550 ni sapoti iliyopimwa mara mbili. Aprili 2 bei ikiwa karibu 564 nikauza puti ya 545 na kununua puti ya 540, zote za kuisha Aprili 17. Nilipata dola 1.00 kwa hisa, mikataba 10, yaani dola 1,000 mkononi. Kikomo cha hasara kilikuwa dola 4,000 na akaunti nzima ilikuwa na 11,000.

Usiku ule, soko likiwa limeshafungwa, likatoka tangazo la ushuru. Kesho yake saa kumi na nusu jioni kwa saa za Dar soko likafunguka na SPY iko karibu 545, sawasawa na straiki yangu. Ile sapoti yote ilirukwa kabla soko halijafunguka. Mwisho wa yote nilipoteza 4,000 nzima.

Swali langu: sapoti ikivunjika, mwenye spredi anatakiwa afanye nini, na lini?

#2 Kijana_wa_Pips
Pole sana kaka. Ndiyo maana mimi situmii broka mwenye spredi kubwa. Tafuta akaunti ya spredi sifuri, ulipe kamisheni tu. Dola 1.00 kwa spredi ni wizi.

#3 Mlinda_Sapoti
@Kijana_wa_Pips hapana mkuu, hiyo ni spredi ya foreksi, tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza. Hii ni opsheni mbili kwa pamoja: moja nimeuza, ya chini yake nimenunua ili inikinge. Ile dola 1.00 nililipwa mimi.

#4 Kijana_wa_Pips
Aah, nimekupata. Nakaa pembeni nisome.

#5 ChatiKwanza
Tatizo lako ni kwamba sapoti hukuipima vizuri. Miguso miwili haitoshi, na mguso wa pili ulishuka chini ya ule wa kwanza. Hiyo tayari ni dalili ya udhaifu. Halafu straiki umeiweka dola 2 tu chini ya chini kabisa ya Machi 31. Sapoti ni eneo, haina mstari. Ungeshuka mpaka 530 ungekuwa salama.

#6 Binti_Hesabu
@ChatiKwanza ungeshuka mpaka 530 na bado ungeumia. Aprili 17 SPY ilifunga karibu 526. Angalia kwanza kisha uandike.

Na kwa mtoa mada: ulipata 1 kwenye upana wa 5. Ukishinda mara 4 unapata 400 kwa mkataba, ukipoteza yote mara 1 unatoa 400. Kwa hiyo soko lilikuwa limekuuzia nafasi ya 4 kati ya 5, na kwa bei hiyo unarudi sifuri kabla hata ya kamisheni. Sapoti yako ina maana pale tu inapofanya nafasi halisi kuwa kubwa kuliko hiyo. Chati unayoiona wewe wameiona pia wanaoinunua hiyo puti. Ukiuza chini ya sapoti bila kujiuliza kama umelipwa vya kutosha, unapata faraja ya moyoni tu, faida hakuna.

#7 ChatiKwanza
Nimeangalia, kweli 526. Lakini dada, Aprili 17 haikuwa siku ya kuisha opsheni za mwezi. Ni Ijumaa ya tatu, Aprili 18.

#8 Binti_Hesabu
Aprili 18, 2025 ilikuwa Ijumaa Kuu, soko la New York lilifungwa. Za mwezi zikaisha Alhamisi.

#9 MzeeWaPremia
Salaam kutoka Houston. Nimeuza spredi za namna hii miaka mingi, na mwezi ule ulinipiga mimi pia. Naomba kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo mtoa mada amevichanganya, nami nilivichanganya miaka yangu ya mwanzo.

Sapoti inakwambia ni wapi wazo lako limekufa. Straiki inakwambia ni wapi pesa itahesabiwa siku ya mwisho. Watu huweka straiki chini ya sapoti na kudhani ile nafasi katikati ni mto wa kulalia. Matumizi yake halisi ni kukupa muda wa kutoka. Bei ikivunja 547 wewe ukiwa na 545, unatakiwa uwe umetoka kabla 545 haijafika. Ukibaki mpaka straiki iguswe ndipo uanze kufikiri, ile nafasi haikukufaa kitu.

Sasa Mlinda_Sapoti, ile nafasi ilirukwa na gepu, hukupewa. Hilo halikuwa kosa la chati. Lakini nina swali: uliambiwa nini na skrini pale soko lilipofunguka Aprili 3? Spredi ilikuwa bei gani?

#10 Mlinda_Sapoti
Shikamoo mzee. Nimefungua kumbukumbu zangu. Dakika za mwanzo bei ya kati ilikuwa kama 2.40. Siku ile SPY ilifunga 536.70 na spredi ikawa kama 3.00. Aprili 4 SPY ikafunga karibu 505, spredi ikawa kama 4.00. Aprili 9, ushuru uliposimamishwa kwa siku 90, SPY ikapanda zaidi ya asilimia 9 hadi karibu 548.60, spredi ikarudi kama 2.10. Sikufunga. Nilisema imerudi juu ya straiki, ngoja imalizie. Kesho yake ikafunga chini ya 525.

#11 MzeeWaPremia
Marahaba. Umeandika jambo ambalo wengi hawalijui mpaka liwakute. Tazameni hizo namba taratibu.

SPY ikiwa sawasawa na straiki, spredi ilikuwa 2.40, karibu nusu ya upana. Haikurukia 5.00. Ikiwa dola 40 chini ya straiki, bado ilikuwa 4.00. Sababu ni kwamba kulikuwa na wiki mbili mbele na soko lilikuwa na hofu kubwa. Hofu ikiwa kubwa, hata puti iliyozama inahesabiwa kuwa na nafasi ya kufufuka, na ile ya 540 uliyoinunua nayo inapanda bei pamoja na ya 545. Ndiyo maana spredi hainenepi haraka kama puti tupu.

Hiyo ni faida na ni mtego. Faida: asubuhi ya Aprili 3 ungetoka kwa hasara ya 1.40 kwa hisa, dola 1,400 kwa mikataba 10, badala ya 4,000. Mtego: kwa kuwa inapanda polepole, mtu anasema bado haijaharibika sana. Anasubiri. Muda unaisha, na ule muda ndio uliokuwa unaizuia isifike 5.00.

#12 Kobe_wa_Nairobi
Mzee nakuheshimu lakini hapa sikubaliani. Maana yote ya kununua ile puti ya chini ni kwamba ushalipia kikomo. Ukishalipia bima halafu utoke mbio kila moshi ukionekana, bima ulinunua ya nini? Mimi naweka saizi ndogo, hasara nzima ya tredi moja haizidi asilimia 2 ya akaunti, na sigusi mpaka siku ya mwisho. Nyingi ya spredi zangu zilizoguswa zilirudi. Ukiweka stopu unatolewa kwenye zile ambazo zingepona.

Shida ya mtoa mada ni saizi. 4,000 kati ya 11,000 ni zaidi ya theluthi. Angekuwa na mkataba 1 tusingekuwa na uzi huu.

#13 Binti_Hesabu
Kwenye saizi Kobe yuko sawa kabisa. Kwenye stopu yuko nusu. Stopu inapunguza ukubwa wa hasara na pia inapunguza idadi ya ushindi, vyote kwa pamoja. Huwezi kuhesabu upande mmoja tu. Kama ulipanga kushika mpaka mwisho, basi hesabu hasara yako kuwa 4 kwa kila 1 na uulize kama unashinda zaidi ya mara 4 kati ya 5. Ulipanga kutoka spredi ikifika 2.00? Karatasini unapoteza 1 kupata 1, lakini utatolewa mara nyingi zaidi.

#14 Mlinda_Sapoti
Kwa kweli nilikuwa na stopu kichwani ya 2.00. Ilifunguka 2.40.

#15 MzeeWaPremia
Na kama ungeiweka kwa broka kama oda ya kutoka kwa bei yoyote ya soko, dakika zile ungeweza kulipa zaidi ya 2.40. Asubuhi ya gepu wenye kutoa bei huziachanisha mbali, anayenunua anasema chini, anayeuza anasema juu. Mimi nangoja dakika 10 au 15, naweka oda ya limiti katikati, naisogeza senti 5 kila mara mpaka ijazwe. Stopu kwenye opsheni haikuhakikishii bei, na soko likiwa limelala haifanyi kazi kabisa.

#16 Nahodha_wa_Muscat
Assalaam alaykum. Naona kila mtu anasema hasara ina kikomo. Ngojeni niwape yangu.

Niliuza spredi 2 za puti ya 60 na 55 kwenye hisa ya kampuni moja ya teknolojia ya Marekani, nikapata senti 90 kwa hisa. Sapoti ilikuwa 61. Ijumaa ya mwisho hisa ikafunga 59.70. Nikajiambia hasara ni senti 30, nimepata 90, bado nina faida, nikaenda kulala. Huku kwetu soko linafungwa saa sita usiku wakati wa kiangazi. Jumatatu naamka nina hisa 200 nilizonunuliwa kwa 60, na ile puti ya 55 imekufa tangu Ijumaa. Wikiendi kulikuwa na habari mbaya, ikafunguka 52. Nikauza hapo. Nilipoteza dola 8 kwa hisa, toa senti 90, mara 200: dola 1,420. Kikomo changu kilikuwa dola 820.

Kwa hiyo kikomo kina tarehe ya mwisho, na mimi nililala nikiikumbatia.

#17 Kobe_wa_Nairobi
Hii sikuwahi kuifikiria. Pole nahodha. Lakini si broka alitakiwa akufungie kabla?

#18 MzeeWaPremia
Broka wengine hufunga wenyewe mchana wa siku ya mwisho wakiona akaunti haina uwezo wa kubeba hisa. Wengine huacha. Usitegemee. Na bei watakayokufungia hawakuulizi.

Alichosema nahodha ndicho kitu cha hatari kuliko sapoti yenyewe. Bei ikifunga chini ya straiki zote mbili, mambo ni rahisi: unauziwa hisa kwa 545, puti yako ya 540 inatekelezwa yenyewe, unatoka na hasara ya kikomo. Ikifunga juu ya zote, zimekufa zote. Katikati ndiko kubaya. Unabaki na hisa bila kinga. Kwa mikataba 10 ya mtoa mada ni hisa 1,000 za SPY kwa 545, yaani dola 545,000, kwenye akaunti ya 11,000. Na ile mara ilikuwa Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu, siku 3 za kungoja. Jumatatu ya Aprili 21 SPY ikashuka zaidi ya asilimia 2.

Kuna jambo jingine. Hata ikifunga kidogo juu ya straiki uliyouza, mwenye puti ana mpaka saa kumi na moja na nusu jioni ya New York kuamua, na SPY inaendelea kuuzwa baada ya soko kufungwa. Dar hiyo ni saa sita na nusu usiku. Habari ikitoka muda huo, anakuletea hisa. Kwa hiyo kama bei iko karibu na straiki siku ya mwisho, mimi nalipa senti 10 au 20 nifunge.

#19 ChatiKwanza
Basi si atumie SPX tu? Ni kitu kilekile na haina mambo ya hisa.

#20 Binti_Hesabu
Si kilekile kwa ukubwa. SPX ni karibu mara 10 ya SPY, mkataba mmoja wa upana wa pointi 50 ungekuwa sawa na 10 zake. Lakini uko sahihi kwamba SPX hulipana kwa pesa, na haitekelezwi kabla ya siku ya mwisho. Kuna XSP, ni sehemu ya kumi ya SPX, nayo hulipana kwa pesa. Angalia tu kama ina wanunuzi wa kutosha kwenye straiki unayotaka.

#21 Mlinda_Sapoti
Mzee, Aprili 8 SPY ilifunga karibu 496, puti yangu ya 545 imezama karibu dola 49. Siku zile sikulala, nilikuwa naogopa nitapewa hisa wakati wowote. Ilikuwa kweli?

#22 MzeeWaPremia
Kisheria ndiyo, opsheni za SPY zinaweza kutekelezwa siku yoyote. Kwa uhalisia haikuwa karibu. VIX ilifunga juu ya 52 siku ile, kwa hiyo puti ya 545 bado ilikuwa na thamani ya muda juu ya zile 49. Anayeitekeleza anaitupa hiyo thamani. Bora aiuze.

Njia ya kujua: tazama kolu ya straiki ileile, 545, tarehe ileile. Ikiwa bado inauzwa kwa bei ya maana, lala. Ikishuka mpaka senti chache, jiandae. Na ukipewa hisa kabla ya siku, usikimbilie kutekeleza puti yako ya 540. Uza hisa na uuze puti, pengine itakuwa na senti za ziada juu ya kina chake.

#23 Kobe_wa_Nairobi
Narudi kwenye hoja yangu. Mnamwambia angetoka Aprili 3. Sasa chukua spredi hiyohiyo, 545 na 540, lakini ya kuisha Mei 16. SPY ilifunga karibu 594 siku ile. Angebaki na premia yote. Sapoti ilivunjika, bei ikashuka dola 50 chini ya straiki, na bado angeshinda. Kwa hiyo kilichomuua ni muda mfupi, sapoti haikuhusika.

#24 ChatiKwanza
Hiyo ni hoja nzito. Ndiyo maana mimi nauza za siku 45.

#25 Binti_Hesabu
Hoja nzito kwa sababu unajua mwisho wake. Aprili 8 hakuna aliyejua kuna tangazo kesho yake. Na kwa spredi ya Mei premia ya mwanzo ingekuwa kubwa zaidi kwa sababu nafasi ya kuguswa nayo ni kubwa zaidi. Muda mrefu unakupa nafasi ya kupona na unampa bei nafasi ya kukufikia.

#26 Mlinda_Sapoti
Na kusogeza je? Aprili 4 nilifikiria kufunga ya 4.00 na kuuza 480 na 475 za Mei 16 kwa kama 1.60.

#27 MzeeWaPremia
Kwa matokeo ungefanya vizuri. Ungebaki na hasara ya 1.40 badala ya 4.00. Lakini iite kwa jina lake: ulikuwa unafunga tredi ya kwanza kwa hasara ya 3.00, kisha unafungua mpya yenye hatari ya 3.40. Ile ya pili uiingie tu kama ungeiingia hata bila kuwa na ya kwanza. Mimi siku ile sikuifungua. Nilifunga nikakaa, nikakosa kupanda kote. Silalamiki, maana Aprili 7 asubuhi sikuwa na sababu yoyote ya kuamini 480 itashikilia.

#28 Kobe_wa_Nairobi
Lakini ilishikilia mzee. Chini kabisa ilikuwa 481 na kitu.

#29 MzeeWaPremia
Dola moja na kitu. Ungelala usingizi?

#30 Kobe_wa_Nairobi
Kwa asilimia 2 ya akaunti, ningelala fofofo.

#31 Kijana_wa_Pips
Nimesoma yote. Swali la mgeni: kwa nini aliuza siku ambayo kila mtu alijua kuna tangazo la ushuru jioni? Kwenye foreksi siku ya habari kubwa hatugusi.

#32 Mlinda_Sapoti
Kwa sababu premia ilikuwa nono.

#33 Binti_Hesabu
Ilikuwa nono kwa sababu ya hilo tangazo. Kijana ameuliza swali zuri kuliko sisi wote. Sapoti ya Machi ilitengenezwa na watu ambao hawakujua ushuru utakuwa kiasi gani. Baada ya tangazo, ile bei ya 547 haikuwa na mtu wa kuitetea.

#34 ChatiKwanza
Hapo sikubali. Aprili 9 bei ilirudi mpaka 548 ikagotea palepale, kesho yake ikageuka. Eneo lilikuwa hai, sapoti imegeuka kuwa dari. Mtoa mada angeisoma hivyo angefunga kwa 2.10 jioni ile.

#35 Mlinda_Sapoti
Nimechora upya, kweli ilifunga ndani ya eneo lilelile. Safari hii nina mikataba 2 tu, ya upana wa dola 5, na nimeandika kwenye karatasi bei ya kutoka. Bado sijaamua kama nitoke bei ikifunga chini ya sapoti, au spredi ikifika mara 2 ya nilichopata.

#36 Nahodha_wa_Muscat
Andika na siku ya kufunga. Alhamisi, usingoje Ijumaa.

#37 Kobe_wa_Nairobi
Ukifunga Alhamisi unaacha premia mezani kila wiki, nahodha. Hesabu mwaka mzima ni kiasi gani.

#38 Nahodha_wa_Muscat
Nilishahesabu. Nililipa 600 zaidi kwa usiku mmoja. Nitahesabu na hiyo yako nirudi.